Gathogo Alikimbia, Hamu Ikabaki Nyuma

Mimi ndiye niliyesema kwamba shemeji yangu Gathogo ana mwanamke. Mara ya kwanza nilisema nikiwa na pini mdomoni, maneno hayakutoka vizuri. Nikazitoa pini zote, nikasema tena. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Ruiru wananijua. Wanja wa cherehani akikosea hukosea kwa sauti, na akitubu ni lazima atubu kwa sauti pia.

Gathogo ni mume wa mdogo wangu, Nyawira. Wanakaa Kalimoni na mtoto wao mmoja, Muigai, wa miaka saba. Gathogo ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kupakia matunda kwenye mikebe, pale Eneo la Viwanda Thika. Nilipomjua alikuwa mtu wa kilo tisini na nne, mcheshi, wa kula chapati nne na kuuliza kama ya tano ipo. Mashati yake nilimshonea mimi, na kitambaa cha shati lake moja kingetosha kuvisha ndugu wawili.

Siku moja kiwandani wakaletewa watu wa kupima afya. Gathogo akaambiwa presha yake iko juu. Wengine walioambiwa hivyo walikwenda kunywa chai. Gathogo hakwenda, kwa sababu baba yake alianguka ghafla akiwa na miaka hamsini na mbili, mnene kama yeye, na hakuinuka tena. Jioni hiyo hiyo alinunua viatu vya mbio.

Sitasema uongo, mwanzoni mbio zilimfaa. Kilo zilishuka, presha ikatulia, na Nyawira alikuwa akija dukani kwangu anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu. Mtu angedhani Gathogo angesimama hapo. Lakini huyu ni mtu ambaye ukimwambia chumvi kidogo, anaondoa chumvi nyumbani.

Akajiunga na kikundi cha wakimbiaji wa viwandani. Kila mmoja alikuwa na simu inayohesabu kilomita, na kila Jumapili jioni orodha ilitumwa kwenye kundi lao: nani wa kwanza wiki hii, nani wa mwisho. Gathogo alikaa wa kwanza miezi mitano mfululizo. Alikimbia asubuhi kutoka Kalimoni hadi kazini Thika, akakimbia jioni kurudi, na Jumapili wenzake wakiwa kanisani alishika barabara ya Ngoliba, kule kwenye joto, kilomita thelathini na zaidi. Siku ya kupumzika hakuwa nayo. Alisema kupumzika ni kwa wale wa katikati ya orodha.

Na chakula akakiacha kidogo kidogo. Kwanza sukari, sawa. Halafu chapati, halafu ugali, halafu waru, yaani viazi, na mafuta yote. Mwishowe akawa anakula mara moja kwa siku, saa nane mchana, mayai mawili yaliyochemshwa na matango, kutoka kwa bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kijani. Alishuka hadi kilo hamsini na nane. Nilipunguza suruali zake mara tatu, na mara ya nne nikamwambia alete tu mifuko, nitaishonea suruali mpya kuizunguka.

Wanaume walimsifu. Wanawake tulimhesabu mbavu.

Ndipo Nyawira akaja dukani asubuhi moja, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akaanza kuchambua vifungo kwenye mkebe wangu kwa rangi. Mdogo wangu akianza kupanga vitu, ujue kuna neno.

"Wanja, nikuulize kitu. Wewe na Baba Dianah, mkikaa bila... yaani, bila... ni muda gani?"

"Inategemea amenikasirisha aje. Kwani nyinyi ni muda gani?"

Akaweka kifungo cheupe na vyeupe. "Miezi nane."

Cherehani ilisimama yenyewe, naapa.

Akanieleza yote. Kwamba Gathogo hagombani naye, hamtusi, haleti makosa. Anaingia kitandani, anageukia ukuta, analala kama gogo kisha anaamka saa tisa na kukodoa macho. Kwamba yeye Nyawira alivaa ile nguo nyekundu niliyomshonea, na Gathogo akamuuliza kama hasikii baridi. Na kwamba wanataka mtoto wa pili. Si kutaka tu. Kwa desturi yetu mvulana wa kwanza alichukua jina la baba yake Gathogo, Muigai. Mvulana wa pili atachukua jina la baba yetu, Gachau. Mimi nilizaa wasichana wawili nikafunga duka la uzazi, kwa hiyo baba hana mwingine wa kumngojea. Nyawira ana miaka thelathini na minane. Alisema hivi huku akitazama vifungo: "Mimi naona ananiacha, Wanja. Ananiacha akiwa bado yuko nyumbani."

Nami, badala ya kufikiri, nikatoa hukumu. Mwanaume anayetoka alfajiri, anarudi na jasho, anapungua kilo na hataki mke wake, ana mwanamke. Hiyo hesabu niliifanya kwa dakika moja na nikajipa alama zote.

Jumapili iliyofuata nilimkodi Kimanzi, kijana wa boda anayejua kunyamaza ukimlipa, tukamfuata Gathogo barabara ya Ngoliba. Nilijifunga leso hadi puani na kuvaa miwani ya mume wangu. Tulikwenda polepole sana, hadi kuku walitupita. Kila nyumba yenye pazia zuri nilimwambia Kimanzi, "Hapa! Ni hapa!" na Gathogo anapita tu.

Baada ya saa nzima alisimama. Nikaruka kutoka kwa pikipiki, tayari kabisa kwa aibu ya mtu mwingine. Hakukuwa na mlango wala mwanamke. Gathogo alikaa kwenye ukingo wa kalavati, akakunja suruali, akashika mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti, na kuufinya. Uso ulimkunjamana. Kisha akatoa tende tatu mfukoni, akaziangalia sana, akala moja na kurudisha mbili. Halafu akainama, kichwa kikakaa katikati ya magoti, akabaki hivyo hivyo jua likimpiga mgongoni.

"Mama Dianah," Kimanzi akaninong'oneza, "huyu bibi wa kando ako wapi sasa?"

Nilimwambia anipeleke nyumbani. Njia nzima nilijisikia mshenzi, na sikumwambia Nyawira lolote.

Wiki mbili baadaye baba alituita kula Gatundu. Mama alipika mukimo wa viazi na mahindi, na kuku wawili. Sasa, kwetu mkwe akija hula. Hata kama ameshiba, hula. Na kula kwa wakwe ndiyo dalili kwamba roho yako ni safi na unaamini mikono iliyopika. Gathogo alinawa mikono, akasali na sisi, kisha akafungua mfuko wake akatoa bakuli la kifuniko cha kijani.

Kijiko cha mama kilibaki hewani.

Baba yangu, Mzee Gachau, si mtu wa kupayuka. Alifuta mdomo akauliza, "Gathogo. Hiyo umebeba ni nini?"

"Ni mayai, baba. Na matango. Niko na programu."

"Programu."

"Ndiyo, baba. Kuna mbio kubwa Nairobi. Kilomita arobaini na mbili."

"Kwa hivyo wewe unaogopa chakula ya mama yako mkwe." Baba aliweka sahani yake chini. "Mimi nimekaa miaka saba nikingoja jina langu litoke kwa hiyo nyumba. Nilifikiri shida ni ya Mungu. Kumbe mkwe wangu anafikiria tutamwekea sumu."

Nyawira aliinuka akakimbilia jikoni. Tulimsikia akilia pamoja na maji ya bomba, ameyafungua yote ili yamfiche, lakini bomba la Gatundu halina nguvu hiyo. Gathogo alifunga bakuli lake. Akalirudisha kwenye mfuko wake.

Hukumu ililetwa siku tatu baadaye na mjomba wetu: Gathogo alete mbuzi wa kuomba msamaha, achinjwe Gatundu, na yeye mwenyewe amle mbele ya wazee. Siku ikapangwa bila kumuuliza, Jumapili ya tatu ya mwezi uliofuata. Mbio kubwa za Nairobi zilikuwa Jumapili hiyo hiyo.

Jumanne Gathogo mwenyewe akaja dukani kwangu. Nilidhani ni suruali tena. Akafunga mlango, akatoa kichupa kidogo cha dawa ya maji ya mafuta mafuta na sindano, akaviweka juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

"Shemeji, najua Nyawira alikwambia. Usikatae."

"Sikatai."

"Hii nimepewa na Calvince, yule mwenye jim ya mazoezi. Anasema ni homoni ya kiume. Nidunge leo, baada ya wiki mbili nitakuwa simba. Nikimbie Nairobi, na nyumbani nako mambo iwe sawa. Lakini nimekaa nayo kwa mfuko tangu Ijumaa. Naogopa. Na sina mtu wa kuuliza. Nikiuliza wanaume, kesho iko kwa kundi."

Kisha akasema kile alichokuwa amekibeba muda wote. "Si kwamba simpendi. Namwangalia, najua ni mrembo, najua hivyo kama mtu anajua Thika iko wapi. Lakini ndani kuko kimya. Nikaona labda nimeisha. Kwa hivyo nikakimbia zaidi, angalau hiyo bado naweza."

Mtu niliyemfuata na miwani ya mume wangu alikuwa amekaa mbele yangu na aibu tele. Nilimwambia kuhusu Kimanzi na leso. Alicheka hadi akakohoa, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomfanya akubali kwenda hospitali.

Nilijua pa kwenda. Kuna kliniki moja Thika ninakowashonea wauguzi sare, na daktari wake Mbaluka aliwahi kukimbia mashindano ya mikoa akiwa shule. Gathogo na Nyawira waliingia pamoja. Mimi nilikaa kwenye benchi nje. Ukuta wa chumba kile ni wa mbao nyembamba, na masikio nimepewa na Mungu, kwa hiyo sijutii.

Mbaluka alimuuliza kuhusu kilomita, kuhusu chakula, usingizi, mafua yasiyoisha, mfupa wa mguu. Akauliza kama amewahi kujidunga au kumeza dawa yoyote. Kisha akauliza, "Asubuhi ukiamka, mwili unaamka na wewe, ama unaamka peke yako?"

Nyawira ndiye aliyejibu. "Anaamka peke yake, daktari. Tangu mwaka jana."

Mbaluka alimwambia Gathogo apumzike siku mbili bila kukimbia, kisha aje kutolewa damu asubuhi mapema kabla hajala, kwa sababu homoni hiyo huwa juu asubuhi na hushuka mchana. Na wiki moja baadaye atolewe tena, kwani kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Hapo niliinamisha kichwa kidogo. Mfupa nao alisema una dalili za ufa, asikimbie kabisa.

Majibu yalipotoka nilikuwa kwenye benchi langu, mapema.

"Homoni yako ya kiume iko chini, mara zote mbili," Mbaluka akasema. "Lakini sikiliza vizuri. Korodani zako hazijaharibika. Zingekuwa zimeharibika, ubongo ungekuwa unazipigia kelele, na ile homoni ya ubongo ya kuziamuru ingekuwa juu. Yako iko chini pia. Amri haziji. Thairodi iko sawa, sukari iko sawa, na ile homoni nyingine ya ubongo ambayo ikizidi huleta shida kama hii, nayo iko sawa. Wewe ni msimamizi wa zamu, si ndiyo? Matunda yakija kidogo na stima ikiwa ya mgao, unafunga laini gani kwanza?"

"Ile... ile ambayo haina haraka."

"Basi. Mwili wako umekaa mwaka mzima ukitumia nguvu nyingi kuliko chakula unachoupa. Moyo hauwezi kufungwa. Ubongo hauwezi kufungwa. Kuzaa kunaweza kungoja. Ukafunga hiyo laini. Hamu ikaenda nayo, usingizi ukaharibika, mfupa ukakosa nguvu."

"Kwa hivyo sijaisha?"

"Una njaa, Gathogo. Njaa na uchovu."

Nilisikia pumzi ikitoka chumbani. Sijui kama ilikuwa ya Gathogo, ya Nyawira au yangu.

Ndipo Gathogo akatoa kichupa cha Calvince. Sauti ya Mbaluka ikabadilika. Alisema kwanza hajui ndani kuna nini hasa. Pili, hata ikiwa ni homoni ya kweli, ikiingia kutoka nje ubongo utaona imetosha na kuzima kabisa amri zilizobaki. Hamu inaweza kurudi, lakini mbegu zitapungua, hata kwisha, na kuzirudisha huchukua miezi mingi. "Mnatafuta mtoto na mnataka kununua kufuli," alisema. Na kwenye michezo dawa hiyo ni marufuku.

"Sasa dawa ni gani?" Gathogo akauliza.

"Ugali. Parachichi. Nyama. Chapati pia. Kula mara tatu, nne kwa siku, hata kabla njaa haijauma. Lala. Wiki sita bila kukimbia, halafu urudi kidogo kidogo, na siku za kupumzika kila wiki. Miezi mitatu, pengine sita. Tutapima tena. Ikikataa, nitakutuma kwa daktari wa homoni. Si kesho, kwa hivyo mama, usimhesabie siku."

"Na presha? Baba yangu..."

"Presha yako iko sawa, na utaendelea kuipima. Hakuna mtu anakurudisha kilo tisini na nne. Lakini kati ya hapo na mifupa, kuna nafasi kubwa sana ya mtu kuishi."

Mtu akisikia hivi atadhani kazi iliisha. Haikuisha. Nyawira aliniambia jinsi Gathogo alivyokaa mbele ya ugali usiku wa kwanza akiukata vipande vidogo na kuvipanga. Alikula nusu, akaenda kusimama kwenye mizani. Asubuhi alikuwa amevaa viatu vya mbio, amekaa kwenye ngazi, machozi yanamtoka. Jumapili orodha ya kikundi ilimwonyesha wa mwisho, kilomita sifuri, na mmoja wao akaandika, "Gathogo amezeeka?" Calvince akaongeza kwamba dawa bado ipo na mbio bado zipo.

Hakusema angechagua nini, mbuzi au mbio. Tulibaki tukihesabu siku, kila mtu kwake.

Jumapili ya tatu nilifika Gatundu mapema. Baba alikuwa amevaa koti lake la Krismasi, wazee wanne wamekaa, kisu kimenolewa. Nyawira alikuwa amekuja jana yake na Muigai. Alisema alimwacha Gathogo akitazama namba yake ya mbio, ile karatasi ya kubandika kifuani. Saa mbili ikapita. Nilijua mbio za Nairobi zimeanza. Saa tatu ikapita. Mdogo wangu alikuwa anapanga vikombe kwa ukubwa.

Saa nne kasorobo geti likalia. Gathogo aliingia akiwa na suruali niliyomshonea, amekaza mshipi, anamvuta beberu mkubwa aliyemnunua Ngoliba, na beberu huyo hakutaka kabisa kuomba msamaha kwa mtu. Walivutana hadi katikati ya boma. Gathogo alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Baba," alisema, "nilikosea. Sikuogopa chakula cha mama. Niliogopa chakula chote."

Baba akampa mzee mmoja kisu, na mimi, ambaye ulimi uliniwasha hadi kwenye meno, sikuongeza neno. Nyama ilipoiva baba alikata mbavu moja yenye mafuta, akamkabidhi kwa mkono wake. Gathogo aliishika. Aliiangalia sana kama zile tende za kalavati, na wazee wakadhani ni heshima. Nyawira peke yake ndiye aliyemtazama usoni. Akala. Alikula hadi mfupa ukabaki mweupe, akalamba vidole, akanyoosha mkono kuomba mutura, ule utumbo uliojazwa nyama. Mama alianza kuimba jikoni.

Miezi ilienda polepole. Gathogo alirudi mbioni baada ya wiki saba, mara tatu kwa wiki tu, na akatoka kwenye lile kundi la orodha. Alifika kilo sabini, akagombana na mizani, akampa jirani aende nayo. Baada ya miezi mitano Mbaluka alipima tena, akasema laini imefunguliwa, homoni imerudi ndani ya kiwango. Nilimuuliza Nyawira kama kuna habari. Alisema, "Wanja, shona nguo." Nikashona, lakini sikutulia.

Jumamosi moja saa tano asubuhi nikaamua kwenda Kalimoni mwenyewe, na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi, kama kisingizio. Muigai alikuwa amepelekwa Gatundu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, mchana mweupe. Nikabisha. Nikabisha tena, kwa sababu mimi nikibisha sibishi mara moja.

Gathogo alifungua upana wa uso tu. Jasho lilimtiririka shingoni, na shati alikuwa amelivaa nyuma mbele.

"Shemeji," nikamwambia, "kwani umetoka kukimbia?"

"Hapana, shemeji," akajibu kwa adabu. "Leo ni siku ya kupumzika."

Kutoka ndani nikamsikia mdogo wangu akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa zaidi ya mwaka. Nikaweka sufuria chini mlangoni, nikarudi Ruiru.